Sampuli moja, awamu mbili, au kikombe kimoja kimoja: kuchagua mpango wa kukagua fungu

Mtu anayepokea fungu la vikombe 6,000 vya mtindi vilivyofungwa kwa foili anakabiliwa na jambo la kuudhi. Njia ya uhakika ya kujua kama kikombe kinavuja ni kukizamisha katika chombo cha maji chenye mfuniko, kuvuta hewa iliyo juu ya maji, na kutazama kama viputo vinatoka ukingoni mwa foili. Na kikombe kilichopitia hapo hakirudi tena kwenye kreti ya kuuzwa. Kwa hiyo hawezi kuvipima vyote, kwa maana akimaliza hatakuwa na mtindi wa kuuza. Lazima akate shauri juu ya vikombe 6,000 kwa kutazama vichache.

Kinachomkwamisha ni namna ya kuchukua hivyo vichache. Anaweza kupanga idadi moja, akavipima vyote na kuhesabu vinavyovuja. Anaweza kugawa kazi katika awamu mbili, ya pili ikifanyika pale tu ya kwanza inapoacha shaka. Au anaweza kupima kimoja kimoja, na baada ya kila kikombe akajiuliza kama ushahidi alionao unatosha kukubali fungu, unatosha kulikataa, au bado haujatosha. Njia hii ya tatu ndiyo isiyofahamika sana katika maghala yetu, na ndiyo nitakayoikalia muda mrefu zaidi, ingawa si kwa nia ya kuwaambia wote waihamie.

Kabla ya kulinganisha, ulinzi uwe sawa

Ulinganisho mwingi wa mipango ya ukaguzi huharibika mwanzoni kabisa, kwa sababu mtu huweka mpango wa vikombe 100 kando ya mpango wa vikombe 20, kisha akasema wa pili ni nafuu. Bila shaka ni nafuu, lakini haulindi kitu kile kile. Ili mipango ilinganishwe kwa haki, kwanza pande mbili za biashara zikubaliane juu ya nukta mbili.

Nukta ya kwanza ni ya mzalishaji: ubora ambao fungu likiwa nao linastahili kukubaliwa, pamoja na uwezekano mdogo anaouvumilia wa kukataliwa kwa bahati mbaya. Nukta ya pili ni ya mnunuzi: ubora mbaya ambao hautaki kabisa, pamoja na uwezekano mdogo anaouvumilia wa kuupokea bila kujua. Katika mfano wetu tuseme wamekubaliana hivi: fungu lenye vikombe vinavyovuja asilimia 2 lisikataliwe zaidi ya mara 5 katika 100, na fungu lenye asilimia 8 lisikubaliwe zaidi ya mara 10 katika 100. Mafungu yaliyo kati ya asilimia 2 na 8 yameachwa katika eneo la kati, ambako uamuzi wowote unavumilika.

Mipango yote mitatu iliyo hapa chini imejengwa juu ya nukta hizo hizo. Ulinzi ukishakuwa sawa, vigezo vya kuchagulia vinabaki vinne: ni vikombe vingapi vinapimwa, kwa wastani na katika siku mbaya, kipimo chenyewe kinakwenda kwa muda na mtindo gani, mkaguzi anaweza kukosea wapi, na baada ya uamuzi, mnunuzi anabaki na habari gani kuhusu fungu na kuhusu mzalishaji.

Sampuli moja

Kwa nukta zetu mbili, mpango wa sampuli moja unatoka hivi: chukua vikombe 98 kwa bahati nasibu, vikivuja 4 au pungufu, kubali, vikivuja 5 au zaidi, kataa. Nimeuhakiki kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano. Fungu la asilimia 2 linakubaliwa kwa takriban asilimia 95.3, na fungu la asilimia 8 linakubaliwa kwa asilimia 9.9, yaani ndani kidogo ya mipaka tuliyoiweka.

Idadi haibadiliki: ni 98 kila fungu, liwe zuri au baya. Baadhi ya wakaguzi huacha kupima mara kikombe cha tano kinachovuja kinapoonekana, kwa kuwa uamuzi umeshajulikana, na kwa fungu la asilimia 8 hilo hushusha wastani hadi karibu vikombe 60. Kwa mafungu mazuri haiokoi chochote cha maana, na mafungu mazuri ndiyo yanayopaswa kuwa mengi.

Kwa upande wa muda, mpango huu una nguvu moja ambayo wanaosifu njia nyingine huisahau: vipimo vyote vinaweza kufanyika kwa wakati mmoja. Kama kipimo ni kuweka vikombe katika kabati la joto kwa siku kadhaa na kutazama ni vipi vitakavyovimba, vyote 98 vinaingia siku moja na kutoka siku moja.

Makosa ya mkaguzi ni machache, kwa sababu kuna namba mbili tu za kukumbuka. Mfanyakazi aliyeajiriwa jana anaweza kuelekezwa kwa dakika tano. Kinachohitaji kuangaliwa ni uchukuaji wa sampuli, ambao nitaurudia kwa sababu unazihusu njia zote.

Habari inayobaki ni nzuri kuliko ya njia nyingine zote. Vikivuja 3 kati ya 98, mnunuzi anaweza kuandika asilimia 3.1 katika daftari la mzalishaji yule, na baada ya mafungu 20 ana mstari wa kweli wa ubora unaopanda au kushuka. Kwa mnunuzi anayetaka kujua mzalishaji wake anaelekea wapi, vikombe vya ziada alivyovipima ni gharama ya habari hiyo, na pengine inastahili kulipwa.

Awamu mbili

Harold Dodge na Harry Romig, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, ndio waliolipa wazo la awamu mbili umbo la majedwali yanayotumika viwandani. Kwa nukta zetu, mpango mmoja unaofaa ni huu: pima vikombe 70, vikivuja 2 au pungufu, kubali, vikivuja 6 au zaidi, kataa, vikivuja 3, 4 au 5, pima vingine 70, na ukubali endapo jumla ya vinavyovuja katika vyote 140 haizidi 5.

Wastani wa vikombe kwa fungu la asilimia 2 ni takriban 81, kwa kuwa ni mara 16 tu katika 100 ambapo awamu ya pili inahitajika. Huo ni uokoaji wa vikombe 17 kwa kila fungu zuri. Lakini kwa fungu la asilimia 8 wastani unafika takriban 100, yaani zaidi ya sampuli moja, isipokuwa mkaguzi aache mara jumla inapofika 6. Watu wanaodhani kwamba awamu mbili siku zote hupunguza kazi hushangazwa na jambo hili, na ni vizuri mshangao huo uwapate kwenye karatasi kabla haujawapata ghalani.

Muda wake ni wa kati. Awamu ya kwanza hufanywa kwa mkupuo, na kinachochelewesha ni kurudi kwa awamu ya pili. Makosa ya mkaguzi pia ni ya kati: namba ni chache, ila huwapo kishawishi cha kuchukua vikombe vya awamu ya pili kutoka kreti zilizo karibu, kwa kuwa kreti za mbali zimeshafungwa tena. Habari inayobaki inatosha endapo daftari la ubora litatumia vikombe 70 vya kwanza pekee, ambavyo hupimwa vyote kila mara.

Faida yake nyingine si ya hesabu. Mzalishaji ambaye fungu lake limepata nafasi ya pili huona ametendewa haki, hata likikataliwa, na mazungumzo ya kurudisha mzigo huwa mepesi.

Kimoja kimoja

Njia hii ilizaliwa vitani. Mwaka 1943, katika Kundi la Utafiti wa Takwimu la Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani alikuwa amelalamika kwamba mtaalamu mzoefu wa risasi na mizinga hung'amua mapema, kabla majaribio yote yaliyopangwa hayajakwisha, kwamba yaliyobaki hayana haja. Wanatakwimu wawili wa kundi hilo, Allen Wallis na Milton Friedman, walilichukua lalamiko hilo na kumpelekea mwenzao Abraham Wald, ambaye aliligeuza kuwa hesabu kamili. Kazi yake ilizuiwa kutolewa hadharani mpaka 1945. Kwamba chimbuko lake ni risasi si jambo la kupuuzwa: risasi iliyojaribiwa imekwisha, kama kikombe chetu cha mtindi.

Wazo lake ni kwamba kila kikombe kinachopimwa kinasukuma mizani kidogo. Kikombe kizima kinaisukuma kidogo sana kuelekea kukubali, na kikombe kinachovuja kinaisukuma kwa nguvu kuelekea kukataa. Ukichora idadi ya vikombe vilivyopimwa kwa mlalo, na idadi ya vinavyovuja kwa wima, unapata mistari miwili inayopanda sambamba: wa chini ni mpaka wa kukubali, wa juu ni mpaka wa kukataa, na kati yake ni njia ya kuendelea. Mistari inapatikana hivi, ambapo p1 na p2 ni viwango viwili tulivyokubaliana, a ni hatari ya mzalishaji, b ni hatari ya mnunuzi, n ni idadi ya vikombe vilivyopimwa, na d ni idadi ya vinavyovuja kati yake:

```
k  = ln[ p2(1-p1) / (p1(1-p2)) ]
h1 = ln[ (1-a)/b ] / k
h2 = ln[ (1-b)/a ] / k
s  = ln[ (1-p1)/(1-p2) ] / k
kubali:  d <= s*n - h1
kataa:   d >= s*n + h2
```

Kwa p1 ya 0.02, p2 ya 0.08, a ya 0.05 na b ya 0.10, tunapata h1 ya 1.553, h2 ya 1.994 na s ya 0.0436. Mkaguzi hahitaji kuviona vitu hivi kabisa. Anachopewa ni jedwali, ambalo hukokotolewa mara moja na kubandikwa ukutani:

| Vinavyovuja hadi sasa | Kubali ukifika kikombe cha | Kataa kama idadi hii imefikiwa hadi kikombe cha |
|---|---|---|
| 0 | 36 | – |
| 1 | 59 | – |
| 2 | 82 | – |
| 3 | 105 | 23 |
| 4 | 128 | 46 |
| 5 | – | 68 |
| 6 | – | 91 |
| 7 | – | 114 |
| 8 | – | 137 |

Kwa kuwa mistari haikutani kamwe, fungu lenye ukaidi linaweza kumburuta mkaguzi mbali sana, na kwa hiyo huwekwa ukomo. Desturi moja ni kuuweka kwenye mara moja na nusu ya sampuli moja, yaani kikombe cha 147 kwetu. Ukifika hapo bila kugusa mpaka wowote, unakubali kama vinavyovuja ni 6 au pungufu, na unakataa kama ni 7 au zaidi. Kuanzia kikombe cha 128 hadi ukomo, mwenye 5 au zaidi anasubiri tu ukomo au mpaka wa kukataa.

Tuone mafungu mawili yakipita. La kwanza lina kikombe kinachovuja cha 11. Mkaguzi anafika 36 akiwa na kimoja, na kwa kuwa 36 ni mpaka wa sifuri, anaendelea. Cha 47 nacho kinavuja. Anafika 59 akiwa na viwili, bado hawezi kukubali, na hawezi kukataa pia kwa sababu viwili havimo kabisa katika safu ya kukataa. Hakuna kingine kinachovuja, na kwenye kikombe cha 82 fungu linakubaliwa. Fungu la pili linavujisha cha 4, cha 13 na cha 19. Vitatu vimefikiwa kabla ya 23, kwa hiyo kazi inaishia kwenye kikombe cha 19 na fungu linarudi.

Kwa makadirio ya Wald, wastani wa vikombe ni takriban 58 kwa fungu la asilimia 2, na takriban 45 kwa fungu la asilimia 8. Ukilinganisha na 98, mnunuzi anaokoa vikombe 40 au 50 kwa kila fungu. Mafungu yanayosumbua ni ya eneo la kati: kwa fungu la karibu asilimia 4.4, ambalo linalingana na mwinuko wa mistari, wastani unapanda hadi takriban 74, na mara moja moja mkaguzi atavuka 98. Wastani bado uko chini ya sampuli moja, lakini msimamizi anayepanga kazi kwa saa hapaswi kuahidi kwamba ukaguzi utakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Hapa lazima niseme jambo ambalo maelezo ya vitabuni huliruka. Njia ya kimoja kimoja inaokoa gharama ya kupima, haiokoi gharama ya kuchukua. Vikombe 6,000 vimo katika kreti 250 za vikombe 24. Kwa kuwa hujui utaishia 36 au 147, una chaguo mbili: kupanda na kushuka kwenye rundo la kreti kila unapohitaji kikombe kingine, au kutoa vikombe 147 mapema kutoka kreti zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kuvipa namba, kuvipima kwa mfuatano, na kurudisha visivyopimwa. Chaguo la pili ndilo la busara, lakini mwenye ghala ambamo kutoa kikombe ni kazi nzito kuliko kukipima hataona faida yoyote. Kwetu sisi, ambao kikombe kilichopimwa ni hasara na kilichotolewa tu si hasara, faida ipo wazi.

Kwa upande wa muda, kipimo kinapaswa kuwa cha haraka, kwa maana matokeo ya kikombe kimoja ndiyo yanayoamua kama kingine kipimwe. Kuzamisha na kutazama viputo huchukua muda mfupi, kwa hiyo kunafaa. Kipimo cha siku kadhaa hakifai hata kidogo. Kuna njia ya katikati kwa mwenye chombo kinachobeba vikombe sita: anazamisha sita sita na kutazama jedwali baada ya kila mzamo. Kukubali kunahamia kwenye 36, 60, 84, 108 na 132, na kukataa kunaamuliwa kwa idadi iliyopo mwisho wa kila mzamo; kwa mfano, vitatu hadi cha 18 vinakataa, lakini vitatu hadi cha 24 havikatai. Anapoteza vikombe vichache, anapata muda mwingi.

Makosa ya mkaguzi ndipo njia hii inapodai nidhamu kubwa kuliko nyingine. Kosa la kwanza ni kuendelea baada ya kuvuka mpaka. Mkaguzi amefika kikombe cha 19 akiwa na vitatu, mzalishaji amesimama kando yake akisema, "Pima vingine viwili vitatu tu, bosi, hivyo vilikuwa vya ukingoni," naye anakubali. Kuanzia hapo hesabu yote ya hatari imevunjika, kwa sababu mipaka ina maana pale tu inapokuwa ya mwisho. Kosa la pili ni kinyume chake: kutumia mpango wa sampuli moja ya 98 lakini kuacha mapema moyo unaporidhika, kisha kuita hilo ukaguzi wa mfuatano. Kuacha mapema kunaruhusiwa na mipaka iliyokokotolewa kwa ajili ya kuachia mapema, si na moyo. Kosa la tatu ni kuandika jumla bila mfuatano. Karatasi inayosema "82, viwili" haiwezi kuhakikiwa na mtu mwingine. Inayosema "cha 11, cha 47, kubali kwenye 82" inaweza.

Habari inayobaki ni dhaifu, na wauzaji wa njia hii hawapendi kulisema hilo. Fungu lililokataliwa kwenye kikombe cha 19 likiwa na vitatu halina kuvuja kwa asilimia 16. Ukaguzi uliachwa pale kwa sababu vitatu vilitokea kwa ukaribu, na kwa hiyo kugawa 3 kwa 19 kunatia chumvi ubaya wake. Vivyo hivyo, sifuri kati ya 36 haisemi kwamba fungu ni safi, kwani hata fungu la asilimia 2 hutoa sifuri katika 36 kwa takriban asilimia 48 ya mara.

Namba hiyo ya mwisho ina matumizi ya siri kwa msimamizi. Kama karatasi 20 mfululizo zote zinaonyesha kukubali kwenye 36 kwa sifuri, basi ama mzalishaji ni bora kuliko asilimia 2 kwa mbali sana, ama mtu hatazami viputo. Weka kikombe kimoja kilichotobolewa kwa sindano miongoni mwa vile 36, umwone kama atakiona.

Linaloziharibu zote tatu

Hesabu zote zilizopita zinachukulia kwamba kila kikombe katika fungu kilikuwa na nafasi sawa ya kuchukuliwa. Mashine ya kufunga foili yenye vichwa sita, kimoja kikiwa na joto pungufu, hutoa kikombe kimoja kibovu katika kila sita, na wapakiaji wakipanga kwa utaratibu ule ule, vibovu vyote vinakaa katika safu moja ya kreti. Anayechukua kutoka safu moja kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono atapata ama hakuna kinachovuja, ama vyote vinavuja. Mashine iliyowashwa asubuhi ikiwa bado ya baridi huacha vibovu vyake katika kreti za kwanza kupakiwa, ambazo ziko chini kabisa ya rundo.

Sampuli moja huumia kutokana na hili, lakini njia ya kimoja kimoja huumia zaidi, kwa sababu inaweza kuamua baada ya vikombe 36, na vikombe 36 vilivyotolewa kwa mfuatano wa rundo ni kreti moja na nusu kati ya 250. Dawa ni ile niliyoitaja: orodha ya kreti iandaliwe kwa bahati nasibu kabla ya mtu kugusa mzigo, kikombe kimoja kutoka kila kreti, nafasi yake ndani ya kreti ikibadilishwa, na mfuatano wa kupima uchanganywe tena. Dalili kwamba hili halikufanyika ni vinavyovuja kukaribiana kwenye karatasi, kwa mfano cha 20, 21 na 22, baada ya vikombe 19 vizima.

Kwa hali yako

Kama kila kikombe kinachopimwa kinapotea, kipimo ni cha dakika chache, na una mkaguzi anayeaminika kuandika mfuatano, tumia kimoja kimoja. Wenye maabara ndogo wanaopima bidhaa ghali, kama vile dawa za sindano, fyuzi au vifaa vya kuzimia moto, wako katika hali hiyo hiyo. Majedwali yaliyo tayari yamo katika kiwango cha ISO 28591, na kama nukta zenu mbili hazimo, fomula zilizo juu zinatosha kwa kikokotozi cha kawaida.

Kama majibu ya kipimo yanasubiriwa kwa siku, au vipimo vinapelekwa maabara ya nje inayotoza kwa mkupuo, tumia sampuli moja. Itumie pia pale wakaguzi wanapobadilika kila wiki, na pale mzalishaji ni mgeni kwako na unataka kumjua kwa asilimia. Kwa mzalishaji mgeni nina maoni ya wazi: pima mafungu yake ya kwanza kwa sampuli moja, bila kuacha hata uamuzi unapojulikana mapema, na baada ya daftari kukuonyesha anakaa wapi, hapo ndipo uamue kama uhamie kimoja kimoja. Akionekana kukaa karibu na asilimia 4 au 5, usihamie, maana utatumbukia katika eneo la kati kila fungu. Suala hilo litatuliwe kwenye mashine yake ya kufungia.

Kama mkataba wenu unafuata ISO 2859-1, majedwali ya sampuli moja na ya awamu mbili yamo humo tayari, na awamu mbili hufaa pale mafungu mengi ni mazuri waziwazi, kipimo kinaweza kufanywa kwa mkupuo, na uhusiano na mzalishaji unahitaji ionekane kwamba alipewa nafasi ya pili. Usiichague kwa kutarajia uokoaji mkubwa katika mafungu mabaya.

Na kama unahamia kimoja kimoja ukiwa tayari una mkataba, nukta mbili, jedwali lote, na ukomo wa 147 viandikwe ndani yake na kutiwa saini kabla ya kreti ya kwanza kushushwa, pamoja na sentensi moja inayosema kwamba hakuna kikombe kitakachopimwa baada ya mpaka kuguswa.